Tangi la Motokaa na Safari ya Mbali

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wafanya biashara na madereva)



Mtu anunuapo motokaa ya kazi huuliza kwanza bei, kisha nguvu ya injini, kisha uzito wa mzigo inaoweza kuchukua. Ni wachache waulizao itakwenda kilomita ngapi kabla ya kukauka, katika barabara ileile atakayoipita, na mzigo uleule atakaoupakia. Katika miji, ambako bomba la mafuta liko karibu kila baada ya kilomita chache, swali hilo halina uzito. Kaskazini ya Kenya ndilo swali la kwanza.

Mfano ni mwenye duka wa Marsabit, apelekaye unga, sukari na majani ya chai North Horr mara moja kila juma. Njia yake hupita Maikona na Kalacha, ukingoni mwa jangwa la Chalbi, nayo ni karibu kilomita 200 kwenda na 200 kurudi. Mtu huyu ataka kununua pikapu ya dizeli. Ameonyeshwa Toyota Hilux, yenye tangi la lita 80, na Toyota Land Cruiser ya aina ya 79, yenye tangi la lita 130. Ya pili bei yake ni kubwa zaidi, na injini yake hula mafuta zaidi.

Muuzaji wa Hilux amemwambia kwamba gari hili hutumia lita 8 kwa kilomita 100. Mwenye duka akapiga hesabu: lita 80 zitamfikisha kilomita 1,000. Akafurahi, akamwambia fundi wake, “Safari yangu ni kilomita 400 tu. Nitakwenda na kurudi mara mbili, na mafuta yatabaki.”

Fundi akajibu, “Mzee, hiyo ni hesabu ya lami, na gari tupu. Usilipe kwanza. Tulipime gari hili katika njia yako.”

Kipimo chenyewe ni rahisi. Tangi hujazwa mpaka shingoni, gari likiwa limesimama mahali tambarare, na kilomita zilizo katika saa ya gari huandikwa. Kisha gari hupakiwa mzigo wake wa kila siku, likaenda safari nzima na kurudi. Mwisho hujazwa tena mpaka shingoni, katika bomba lilelile. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizotumika. Gari la mwenye duka lilikuwa limetumia lita 16 kwa kila kilomita 100, yaani maradufu ya alivyoambiwa. Sababu hazikuwa za ajabu: mzigo mzito, barabara iliyojikunja kama bati, mchanga unaolazimisha gia ndogo na magurudumu yote manne, na mwisho kupanda mlima wa Marsabit.

Jambo la pili ni kwamba tangi la lita 80 halitoi lita 80 za safari. Mrija unyonyao mafuta haufiki chini kabisa, na gari likiinama mafuta hukimbilia upande mmoja. Tena chini ya tangi hukaa maji na takataka, ambazo huziba chujio. Injini ya dizeli ikinyonya hewa huzima, na hata ikiongezwa mafuta huenda isiwake mpaka hewa itolewe katika mirija. Kwa hiyo yafaa kuacha sehemu moja ya kumi nje ya hesabu. Zimebaki lita 72, nazo kwa matumizi ya lita 16 ni kilomita 450.

Mtu aweza kusema kwamba 450 ni zaidi ya 400, basi gari latosha. Latosha siku ya jua. Lakini Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, na mvua ikinyesha udongo wake wa chumvi hugeuka tope lisilopitika. Dereva hulazimika kuzunguka, naye hukanyaga mafuta kwa gia ndogo. Matumizi yakipanda kufika lita 20, lita zile 72 ni kilomita 360 tu. Gari litazima kabla ya kufika Marsabit, zimebaki kilomita 40 au zaidi, nalo huenda lina abiria, na maji ya kunywa yamekwisha. Hiyo ndiyo sababu ya kuondoa tena sehemu moja ya tano kuwa akiba. Toa 90 katika 450, zabaki kilomita 360. Hizo ndizo kilomita za kweli za gari hilo katika njia hiyo, wala si 1,000.

Land Cruiser nayo ipimwe vivyo hivyo. Ikionekana kwamba yatumia lita 18 kwa kilomita 100, na katika lita zake 130 zikiachwa 13, zabaki lita 117, ambazo ni kilomita 650. Ikiondolewa sehemu ya tano, zabaki 520. Basi gari lililo lafi zaidi ndilo lifikalo mbali zaidi, kwa kuwa tangi lake limeupita ulafi wake.

Je, yule mwenye duka hana budi kununua gari la bei kubwa? La. Akichukua katika Hilux jerikeni mbili za chuma za lita 20, atakuwa na lita 112, yaani kilomita 700, na baada ya akiba 560. Gharama yake ni nafasi na uzito: jerikeni hizo zikijaa hupita kilo 40, karibu sawa na marobota mawili ya unga ya kilo 24. Zifungwe imara nyuma, zisiwekwe ndani pamoja na watu. Kwa safari ya mara moja moja, jerikeni zatosha. Kwa safari ya kila juma, mwaka mzima, tangi kubwa ni bora, kwa sababu halimwagi, halisahauliwi nyumbani, wala halimlazimishi dereva kumimina mafuta katika upepo wa vumbi.

Yabaki hesabu ya mabomba. Bomba lililoandikwa katika ramani si mafuta. Huenda umeme umekatika, au kuna petroli na dizeli hakuna, au lori la mafuta limekwama njiani. Kwa hiyo umbali wa kupimia si kutoka bomba hata bomba lifuatalo, bali hata lile la baada yake, kana kwamba la katikati limekauka. Na pale ambapo hakuna la baada yake, kama katika safari hii, umbali ni kwenda na kurudi. Mafuta ya mapipa yakipatikana North Horr, ni heri. Lakini yasihesabiwe kabla ya kuonekana.

Anunuaye gari lililotumika asiamini kitabu chake tu, maana huenda tangi limebadilishwa, au la pili halifanyi kazi. Aliendeshe mpaka mshale ukaribie chini, kisha alijaze na kuhesabu lita zinazoingia.

Mwenye duka yule alinunua Hilux na jerikeni mbili. Ndani ya mlango fundi alimwandikia kwa rangi nyeupe: “360. Na jerikeni, 560.” Tangu siku hiyo kila dereva anayekabidhiwa ufunguo husoma maneno hayo kabla ya kuwasha injini.