Nchi Ikishushwa Daraja, Nani Hulipa?

Msikilizaji, Julai 8, 2024, siku chache baada ya Rais William Ruto kukataa kutia saini Mswada wa Fedha, kampuni ya Moody's iliishusha Kenya kutoka daraja la B3 hadi Caa1. Tangu hapo nimesikia ikisemwa kwamba vijana walioandamana kuupinga mswada huo ndio waliotupandishia riba. Nimeisoma taarifa ya Moody's, na sikubaliani na maneno hayo.

Kwanza, taarifa yenyewe huuliza swali moja tu: je, aliyeikopesha serikali atalipwa pesa zake zote, na kwa wakati? Haiulizi kama hospitali zina dawa. Caa1 iko ngazi saba chini ya mstari unaotenganisha wakopaji salama na wale wa kubahatisha. Moody's walieleza kwamba bila kodi mpya, serikali ingekosa nguvu ya kuongeza mapato na kupunguza mzigo wa deni. Mswada ule ulikusudiwa kuleta shilingi bilioni 346. Lakini kwa nini kukosa kodi za mwaka mmoja kuitikise nchi nzima? Ni kwa sababu karibu theluthi ya mapato ya serikali ilikuwa tayari inaishia kwenye riba. Riba peke yake, kabla hujagusa deni lenyewe. Mzigo huo haukuletwa na maandamano. Ulijengwa kwa miaka mingi, mkopo juu ya mkopo.

Agosti mwaka huohuo, Fitch na S&P nao wakatushusha hadi B-.

Sasa, daraja likishuka, riba ya mikopo ya zamani haipandi siku hiyo. Hatifungani iliyouzwa kwa asilimia 7 itaendelea kulipa asilimia 7 hadi mwisho wake. Maumivu huja pale mkopo wa zamani unapokaribia kuiva na serikali haina akiba ya kuulipa. Hapo inakopa upya ili ilipe, na mkopeshaji anatazama daraja jipya kabla ya kutaja bei yake.

Februari 2025 tuliliona hilo. Kenya iliuza hatifungani ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.5, na sehemu ya fedha hizo ikatumika kununua mapema hatifungani ya asilimia 7 iliyokuwa iishe mwaka 2027. Chukua dola milioni 100 tu za deni hilo. Zamani zilitugharimu dola milioni 7 kwa mwaka. Sasa zinatugharimu milioni 9 na nusu. Tofauti hiyo, kwa shilingi 129 kwa dola, ni zaidi ya shilingi milioni 320 kila mwaka. Tulinunua muda wa kupumua, na pengine hapakuwa na njia nyingine, lakini muda huo una bei.

Mwananchi anaguswa zaidi na mikopo ya humu ndani. Katikati ya 2024, serikali ilikuwa ikizilipa benki karibu asilimia 16 kwa mkopo wa siku 91. Fikiria mwenye duka anayeomba shilingi laki tano aongeze bidhaa. Benki italazimika kumchunguza, kudai dhamana na kumfuatilia, ilhali kwa serikali inapata karibu riba ileile bila usumbufu. Mwenye duka ataambiwa asubiri, au atatajiwa riba itakayokula faida yake yote. Naye mkandarasi aliyeikamilisha barabara ya kaunti anazungushwa ofisi hadi ofisi na ankara yake mkononi, kwa sababu riba hulipwa kwanza.

Hata hivyo, daraja si hukumu ya mwisho. Kufikia Desemba 2024, riba ya ile mikopo ya siku 91 ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 10, na daraja letu la Moody's bado lilikuwa Caa1. Mfumuko wa bei ulikuwa umepoa, shilingi imetulia, na Benki Kuu ikawa inapunguza riba yake. Kwa hiyo waziri anayetaja daraja kama sababu ya kila ugumu, na mpinzani anayelitaja kama ushahidi wa kila kosa, wote wanatuficha jambo.

Taarifa nyingine itakapotoka, na itatoka, usishughulike sana na herufi. Tafuta sentensi inayosema riba inachukua kiasi gani katika kila shilingi mia za mapato. Kisha mwulize mbunge wako, kwa jina la mradi, mkopo mpya anaouidhinisha unakwenda kujenga nini.