Kovu la Ukope: Jinsi Trakoma Inavyopofusha



Kila mwaka wanafunzi wa udaktari huniuliza swali moja. Kijidudu cha trakoma, *Klamidia trakomatis*, hushambulia ule utando mwembamba unaofunika upande wa ndani wa ukope. Mtu huona kupitia kioo cha jicho, na kioo hicho kiko mbele ya mboni, si ndani ya ukope. Inakuwaje basi ugonjwa wa ukope umalize nuru ya jicho? Ningependa kulijibu swali hilo hatua kwa hatua, kwa sababu anayeielewa njia hiyo hujua pia wapi inaweza kukatizwa na wapi umeshachelewa.

Twende Kongwa, mkoani Dodoma, ambako ugonjwa huu, ambao wengi huuita vikope, umechunguzwa kwa miongo kadhaa. Ni nchi kavu ya wafugaji na wakulima, yenye maji ya kutafutwa kwa miguu na nzi wengi. Mtoto mwenye tongotongo na makamasi usoni huwavuta nzi hao, nao huubeba uchafu wa jicho lake hadi kwenye jicho la mwenzake. Vidole, kitenge cha mama na taulo moja la nyumba nzima hufanya kazi hiyohiyo. Mtoto anaambukizwa, anapona, kisha anaambukizwa tena.

Mtoto huyu mara nyingi halalamiki sana. Ili kumjua, lazima ukope wa juu ugeuzwe. Mchunguzi ananawa mikono, anavaa miwani ya kukuzia, anamwambia mtoto atazame chini, anashika nywele za ukope taratibu, na kuukunja ukope juu ya kijiti au ncha ya kidole. Utando wenye afya ni wa waridi, laini na angavu, kiasi kwamba mishipa ya damu iliyo chini yake inaonekana waziwazi. Penye trakoma utaona vijivimbe vya mviringo, vyeupe au vya manjano hafifu, ambavyo ni chembe za kinga ya mwili zilizokusanyika kupambana na kijidudu. Kwa mujibu wa vigezo ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 1987, vijivimbe 5 au zaidi katikati ya utando huo, kila kimoja kikiwa na upana wa angalau nusu milimita, vinatosha kumhesabu mtoto kuwa ana trakoma hai. Uvimbe ukiwa mkali, utando wote unakuwa mwekundu, mnene na wenye kukwaruza, na zaidi ya nusu ya ile mishipa haionekani tena.

Hapa ndipo kovu linapoanzia. Ambukizo moja kwa kawaida hupona bila kuacha alama kubwa. Lakini mwili unaopigana vita ileile mwaka baada ya mwaka huanza kuziba sehemu zilizojeruhiwa kwa nyuzi ngumu. Ukigeuza ukope wa mtu mzima aliyekulia katika mazingira hayo, unaweza kuona mistari myeupe, kisha mikanda, na kwa wengine bamba zima jeupe linalong'aa. Hakuna tongotongo tena, na huenda hata kijidudu hakipo. Mwenyewe husema alipona zamani.

Kovu, hata hivyo, lina tabia ya kusinyaa. Kwa kuwa limekaa upande wa ndani tu, upande huo hufupika huku ngozi ya nje ikibaki na urefu wake. Ukope hujikunja kuelekea ndani kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa juani ambayo upande mmoja umekauka kuliko mwingine. Ukingo unageuka, na nywele zilizokuwa zikitazama mbele sasa zinalielekea jicho.

Kasi yake si sawa kwa wote. Utafiti uliowafuatilia wanawake wa Kongwa kwa miaka 7 ulionyesha kwamba miongoni mwa waliokuwa na makovu, karibu 9 kati ya kila 100 walipata nywele zinazogusa jicho katika kipindi hicho. Kwa wasio na makovu hawakufika hata 1 kati ya 100. Kwa hiyo si kila kovu huishia hapo, lakini wanaoishia hapo wametokea karibu wote kwenye makovu.

Tumchukue mama wa miaka hamsini wa eneo kama hilo. Alilea wadogo zake, akalea wanawe, sasa analea wajukuu. Ndiyo maana wanawake huambukizwa mara nyingi zaidi na kuumia zaidi kuliko wanaume. Anahisi kama ana mchanga jichoni. Machozi yanamtoka, na mwanga wa jua unamchoma. Tukisema mtu hupepesa macho mara 15 kwa dakika, basi kwa saa 16 za kuwa macho nywele hizo zitapita juu ya kioo cha jicho zaidi ya mara 14,000 kwa siku. Zaidi ya hayo, kovu limeharibu vijitezi vinavyotoa ute, kwa hiyo jicho ni kavu na halina kinga yake ya kawaida.

Kioo cha jicho kina unene wa takriban nusu milimita. Hupitisha mwanga kwa sababu nyuzi zake zimepangika kwa utaratibu na hakina mishipa ya damu. Mikwaruzo inaondoa tabaka lake la juu, na vijidudu vingine, bakteria au fangasi, vinaingia na kutengeneza kidonda. Kidonda kikipona, nyuzi hazirudi katika mpangilio wake, na mishipa ya damu nayo hujipenyeza humo. Panabaki doa jeupe. Likiwa pembeni, mama bado anaona. Likikaa mbele ya mboni, mwanga haupiti tena sawasawa.

Sasa mnaona kwa nini dawa peke yake haitoshi. Azithromaisini, anayomeza mtu mzima gramu 1 kwa mkupuo, huua kijidudu na kumkinga mtoto asifike kwenye makovu, lakini hailegezi kovu lililokwisha kusinyaa. Huyu mama anahitaji upasuaji mdogo. Anachomwa sindano ya ganzi, ukope unakatwa sambamba na ukingo wake, kama milimita 3 juu yake, kisha unashonwa ili ukingo ugeuke nje. Kazi hiyo huhifadhi nuru iliyobaki. Haiondoi doa, na hata kupandikiza kioo kingine mara nyingi hushindwa katika jicho kavu lenye makovu.

Ugumu mwingine ni kumtambua kwa wakati. Akina mama wengi hung'oa nywele hizo kwa kibano. Siku ya uchunguzi jicho linaonekana halina tatizo, nasi tunampita, ilhali baada ya wiki chache nywele zinaota tena, fupi na ngumu. Kwa hiyo mtazameni ukingo kabla ya kuugeuza ukope, tafuteni visiki vya nywele, na mwulizeni waziwazi kama anang'oa. Aliyeng'oa anahesabiwa kuwa mgonjwa.

Upasuaji nao si mwisho wa habari. Kovu linaweza kuendelea kusinyaa na nywele zikarudi, kwa hiyo mgonjwa achunguzwe tena kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Na hata wilaya ambayo watoto wake hawana tena trakoma hai itaendelea kupata wagonjwa wapya wa nywele zilizogeuka, kwa sababu watu wazima wake walikwisha kupata makovu utotoni. Wilaya hiyo ikifunga huduma ya upasuaji siku inapotangaza kwamba maambukizi yamekwisha, itakuwa imewaacha wapofuke wale walioambukizwa kabla hatujawafikia.