Ahadi Iliyofuata Ardhi: Habari za Bustani ya Leicester Square

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Katika mkutano uliopita mwenzetu mmoja aliuliza swali ambalo halikupata jibu siku ile. Alisema: "Mtu akinunua kiwanja kwa fedha zake mwenyewe, na katika hati yake hapana neno lolote la katazo, yawezekanaje jirani kumjia na karatasi ya miaka arobaini iliyopita, yenye sahihi ya mtu mwingine, na kumwambia, Hapa hujengi?" Nimeombwa nijibu, nami nitajibu kwa kuwaeleza habari za bustani moja katika mji wa London, kwa sababu shauri la bustani ile ndilo lililozaa sheria hii.

Kwanza yatupasa kukiri kwamba swali la mwenzetu lina nguvu. Kanuni ya mikataba ni kuwa mkataba huwafunga wale walioufanya tu. Mimi nikimwahidi Juma kwamba sitapiga ngoma usiku, ahadi ile haimfungi mpangaji atakayeingia chumbani mwangu nikiisha hama. Mahakama za Uingereza zilizohukumu kwa sheria ya zamani zilishika kanuni hiyo kwa bidii, illa kati ya mwenye nyumba na mpangaji wake, ambako ahadi nyingine ziliweza kupita kwa mrithi wa upangaji. Lakini mtu akiisha kuuza ardhi yake moja kwa moja, ahadi za mnunuzi wa kwanza hazikumpata mnunuzi wa pili.

Sasa habari zenyewe. Mwaka 1808 Bwana Tulk alikuwa mwenye uwanja uliopo katikati ya Leicester Square, pamoja na nyumba kadha wa kadha zilizouzunguka. Katikati palikuwa na bustani yenye uzio wa chuma. Bwana Tulk aliiuza bustani ile kwa Bwana Elms, lakini nyumba zake alizishika. Naye Elms, kwa nafsi yake na warithi wake na wote watakaopokea ardhi ile kwake, aliahidi kwamba bustani na uzio wake vitatunzwa katika hali njema, kwamba mahali pale patabaki wazi pasipo jengo lolote, na kwamba wapangaji wa Tulk wataweza kupewa funguo na kuingia humo kutembea, kwa kulipa ada ya kiasi.

Miaka ikapita, na bustani ikatoka mkono huu ikaingia mkono huu, hata ikamfikia Bwana Moxhay. Katika hati yake ahadi ile haikuandikwa. Lakini hakuweza kukana kwamba aliijua. Mwenyewe alikubali kuwa siku aliponunua alikuwa na habari za agano la mwaka 1808. Hata hivyo alitangaza nia ya kuigeuza bustani na kujenga kama apendavyo, akidai kwamba yeye hakuahidi neno kwa mtu yeyote. Tulk akaenda katika mahakama ya insafu, yaani ile iliyotazama haki na dhamiri kuliko umbo la karatasi, akapata amri ya kumzuia. Moxhay akaomba amri ile iondolewe, na tarehe 22 Desemba 1848 Lodi Cottenham, mkuu wa mahakama ile, akakataa kuiondoa.

Nawaomba mzishike vema sababu zake, maana ndimo jibu la swali letu lilimo. Hakusema kwamba Moxhay amefungwa na mkataba, maana mkataba hakuufanya. Alitazama bei. Nitaeleza kwa hesabu yangu mwenyewe, si ya shauri lile. Tuseme kiwanja kisicho na katazo chauzwa shilingi 3,000, na kiwanja hicho hicho, kikiwa na katazo la kujenga, chapata shilingi 1,000 tu. Elms anakinunua kwa 1,000, kwa sababu ameahidi kutojenga. Kesho yake anamwuzia Moxhay kwa 3,000, na Moxhay anajenga. Shilingi 2,000 zimetoka wapi? Zimetoka kwa Tulk, aliyepunguza bei yake apate kuhifadhi mandhari ya nyumba zake, na sasa hana bei wala mandhari. Lodi Cottenham alisema kwamba haliwezi kuwapo jambo lililo kinyume cha insafu kuliko hilo. Mtu anayeijua ahadi, naye akanunua, hawezi kusimama mahali pazuri kuliko yule aliyemwuzia.

Mtaona, basi, kwamba kilichomfunga Moxhay si sahihi ya Elms bali ni dhamiri yake mwenyewe: alijua. Kama angalinunua kwa fedha halali pasipo kujua, wala pasipo njia ya kujua kwa uchunguzi wa kawaida, angalikwenda huru.

Si wote waliopendezwa na mwendo huu. Miaka kumi na minne kabla yake, mwaka 1834, Lodi Brougham alikuwa ametoa onyo katika shauri jingine kwamba haifai kila mwenye ardhi aruhusiwe kuifunga kwa masharti ya kubuni kama apendavyo, yakaiandama ardhi hata mikononi mwa watu wasiojulikana. Naona onyo lile lilikuwa na maana, na waamuzi waliofuata hawakulisahau. Waliiwekea kanuni ya bustani mipaka miwili, na mtu asiyeijua aweza kupoteza fedha nyingi.

Mpaka wa kwanza ni kwamba ahadi inayofuata ardhi ni ile ya kujizuia tu, si ile ya kutenda. Jambo hili lilikazwa mwaka 1881, mahakama ilipokataa kumlazimisha mpokeaji wa ardhi kutengeneza majengo kwa sababu tu mtangulizi wake aliahidi kuyatengeneza. Kipimo chake ni rahisi: jiulize kama mtu aweza kuitimiza ahadi kwa kuketi tu pasipo kutoa hata senti. Akiweza, ni ahadi ya kujizuia. Akilazimika kulipa fundi, siyo. Wala msidanganywe na maneno ya karatasi. "Asiache paa livuje" yasikika kama katazo, lakini maana yake ni "atengeneze paa." Mwaka 1994 baraza kuu la Uingereza lilipewa shauri la paa kweli kweli: nyumba moja ilikuwa imegawanywa, paa la mmoja likafunika chumba cha mwenziwe, na aliyegawa alikuwa ameahidi kulitunza. Nyumba ile ikauzwa, paa likaanza kuvuja juu ya kitanda cha jirani, na jirani akashindwa katika shauri, kwa kuwa mwenye nyumba mpya hakuweza kulazimishwa kutumia fedha kwa ahadi ya mwingine.

Na bustani yetu yenyewe ilitoa ushahidi wa mpaka huu. Mwaka 1851 mchora ramani James Wyld, baada ya kupatana na jamaa ya Tulk, alijenga humo tufe kubwa la dunia ambalo watu waliingia ndani yake kulitazama. Likabomolewa mwaka 1862. Baada ya hapo uwanja ukaachwa, ukajaa takataka, na sanamu ya mfalme iliyokuwa katikati ikavunjwavunjwa na wahuni. Agano liliweza kuzuia majengo, lakini halikuweza kumtia mtu jembe mkononi. Mwisho wake, mwaka 1874, tajiri aitwaye Albert Grant aliinunua bustani, akaitengeneza na kuitoa kwa watu wote, na hata leo ipo wazi.

Mpaka wa pili ni kwamba anayedai lazima awe na ardhi ya jirani inayofaidiwa na ahadi. Tulk alifaulu kwa sababu alizishika nyumba zake. Mwaka 1914 halmashauri ya mji wa London ilishindwa kwa kukosa jambo hilo. Mjenzi mmoja alikuwa ameiahidi halmashauri kwamba hatajenga katika kipande fulani kilichotakiwa kubaki kwa ajili ya barabara. Kipande kikamfikia mke wake, naye akajenga nyumba tatu. Halmashauri ikashitaki, lakini haikuwa na ardhi yoyote hapo karibu, basi mke akaonekana hakufungwa. Jirani atakayewajieni na karatasi yake, mwulizeni kwanza: ardhi yako inayolindwa ni ipi?

Kule Uingereza tangu tarehe 1 Januari 1926 suala la kujua limehamia katika daftari. Ahadi mpya ya namna hii huandikishwa. Ikiwa imeandikishwa, mnunuzi huhesabiwa kuwa anaijua hata kama hakufungua daftari; ikiwa haikuandikishwa, mnunuzi aliyetoa fedha huwa huru, hata kama aliisikia kwa masikio yake. Lodi Cottenham, aliyejenga yote juu ya dhamiri, sijui angalisema nini! Na ahadi ikizeeka hata isiwe na maana, lipo baraza maalumu ambalo mwenye ardhi aweza kuliomba liifute au kuilegeza.

Mambo haya yalitufikia sisi kwa njia ya sheria. Insafu ya Uingereza ilipokewa Kenya kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kwa hiyo hukumu ya mwaka 1848 ilikuwa ndani ya mzigo.

Hapa sina budi kutaja upande mchungu. Chombo kilichohifadhi bustani kiliweza pia kuwafungia watu mlango. Katika Mombasa serikali ya kikoloni ilitangaza mnada wa viwanja kwa Wazungu peke yao, kwa sharti kwamba Mwasia au Mwafrika asikae humo ila awe mtumishi wa nyumbani. Bwana Kaderbhai akapinga mahakamani, lakini mwaka 1931 Baraza la Mfalme kule London likasema kwamba serikali ilikuwa na uwezo wa kuweka sharti lile. Viwanja vile vilikuwa vya kukodishwa na serikali, basi sharti halikupita kwa njia ya Moxhay, lakini tunda lilikuwa lile lile.

Katika Amerika njia ilikuwa ya jirani kwa jirani. Mwaka 1911, katika mtaa mmoja wa mji wa St. Louis, wenye nyumba 30 kati ya 39 walitia sahihi kwamba kwa muda wa miaka 50 nyumba zao zisikaliwe na mtu mweusi wala Mwasia. Mwaka 1945 Bwana Shelley na mkewe, watu weusi, walinunua nyumba mtaani pale pasipo kuwa na habari za karatasi ile. Majirani wakashitaki, na mahakama ya jimbo ikaamuru watolewe. Shauri likapanda hata mahakama kuu ya nchi, na tarehe 3 Mei 1948, karibu miaka mia kamili tangu hukumu ya bustani, waamuzi wakawapa akina Shelley ushindi. Hawakusema kwamba karatasi yenyewe ni kosa. Watu waliotaka kuishika kwa hiari yao waliachwa. Walisema kwamba hakimu akitoa amri ya kumtoa mtu nyumbani kwa sababu ya rangi yake, si jirani tena anayetenda bali ni serikali, na serikali imekatazwa na katiba. Ilipofika mwaka 1968 sheria ya nchi ile ikakataza ubaguzi huo wenyewe katika kuuza na kupangisha nyumba. Akina Shelley wao walikuwa wamekwisha kukaa nyumbani kwao.

Bwana Mwenyekiti, nimekwisha. Mwenzetu aliyeuliza yupo hapa, naye amekuja na hati yake mkononi. Kama mkutano waridhia, na tuisome pamoja.