Mkate, Msamaha wa Kodi na Hesabu Isiyosomwa



Serikali hutumia pesa kwa njia mbili. Ya kwanza unaijua: inalipa walimu, inajenga barabara, na Bunge linapitisha kila mwaka. Ya pili ni kuacha kodi ambayo ingechukua. Pesa haijatoka mfukoni mwake, lakini haikuingia pia, na msamaha huo hurudi mwaka hadi mwaka mpaka sheria ibadilishwe.

Chukua mkate wa kawaida. Bidhaa nyingi hutozwa asilimia 16, ile unayoiona kwenye risiti imeandikwa VAT. Mkate hutozwa asilimia sifuri. Tuseme bei yake ni shilingi 60. Kodi ingekuwa shilingi 9.60, na wewe ungelipa 69.60. Hiyo 9.60 ndiyo serikali imeitumia kwako bila kuandika hundi.

Hazina ya Kitaifa hupima hivi: inakadiria mauzo, inazidisha kwa asilimia 16, na kupata kodi iliyoachwa. Usidhani ikifuta msamaha itapata pesa yote hiyo. Mkate ukipanda, wengine watarudi kwa ndizi na viazi, na mauzo yatapungua.

Sasa uliza nani anafaidika. Mama wa Nyamira ananunua mikate 2 kwa wiki: ameokoa 19.20. Nyumba yenye uwezo mjini Kisii inanunua 10: imeokoa 96, mara tano zaidi. Ukisimamia hapo utasema msamaha ni wa matajiri. Lakini hebu pima kwa mapato. Kama yule mama anapata 1,500 kwa wiki, 19.20 ni zaidi ya asilimia moja. Kama nyumba ile inapata 30,000, 96 si hata nusu ya asilimia. Kwa hiyo, msamaha ukiondolewa anayeumia zaidi ni mama. Hesabu zote mbili ni za kweli. Anayekupa moja tu anakuficha nusu.

Jambo lingine: je, bei ilishuka kweli? Mwokaji asipopunguza bei, msamaha unabaki kwake. Utajua kwa kulinganisha bei kabla na baada ya sheria kubadilika.

Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulitaka mkate utozwe asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa Juni 18, kabla mswada wote haujakataliwa. Tulibishana sana juu ya bei, lakini juu ya vipimo hivi viwili tuliongea kidogo.

Katiba, kifungu cha 210, inasema sheria ikiruhusu kodi kusamehewa, rekodi ya kila msamaha iwekwe hadharani pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aarifiwe. Basi wakija kukusanya maoni ya mswada ujao, usiulize tu "mtaongeza kodi gani?" Uliza: "Mmesamehe nani, kiasi gani, kwa sababu gani, na bei ilishuka?"