Picha ya Chini Ndiyo Yenye Jibu

Msikilizaji, picha ya mbele ya sufuria ya umeme ya kupikia wali haimwezeshi muuza spea kukupatia sahani sahihi ya moto, kwa kuwa sufuria nyingi hufanana kwa nje. Chomoa waya, igeuze, upige picha kibandiko chenye modeli, volti na wati. Utasema kimefutika. Basi fundi aifungue, apime upana wa sahani na tundu la katikati linapokaa kihisi joto chenye springi, rula ionekane pichani. Mita ikisoma takriban omu 76, kwa umeme wa volti 230 hiyo ni sahani ya wati 700. Ya volti 110 usinunue hata ikienea sawasawa, itaungua.