Kutoka Kilo za Jalala hadi Franga za Juma: Daftari la Upotevu wa Chakula katika Kantini za Kasongo na Kabambare

Kantini inayolisha watu zaidi ya mia, iwe ya shule ya bweni mjini Kasongo au ya kambi ya machimbo ya dhahabu upande wa Namoya katika Kabambare, haikosi mtu wa kusema kwamba chakula kinapotea. Mpishi anajua, mwosha vyombo anajua, na ekonomu anajua kuliko wote kwa sababu gunia la mchele linaisha kabla ya siku yake. Pale penye daftari la upotevu, kwa kawaida limeandikwa kilo: leo wali kilo kumi, jana sombe kilo mbili. Mada hii inatetea jambo moja. Daftari la kilo peke yake linampeleka ekonomu kwenye sufuria isiyo na hasara kubwa. Linaanza kumwongoza pale tu kilo hizo zinapogeuzwa kuwa franga kila mwisho wa juma, zikagawanywa kwa aina ya chakula na kwa sababu iliyofanya kitupwe.

Tuanze na kinachoandikwa. Kila chakula kinapotupwa bila kuliwa, mstari mmoja unatosha: siku, jina la chakula, uzito, kama ni kibichi au kimepikwa, na sababu. Uzito upimwe kwa mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wanunuzi wa mpunga, baada ya kutoa uzito wa ndoo. Sababu zisizidi nne, la sivyo mwandikaji ataanza kubahatisha: kimeharibikia depo, kimeungua, kimepikwa kupita walaji, au kimerudi na sahani. Maganda ya muhogo, vikonyo vya majani ya sombe na miiba ya samaki visiingie hapa kabisa. Hivyo havikuwa chakula hata siku moja, na vikichanganywa na wali uliomwagwa vinaongeza kilo bila kusema lolote. Wenye muhogo mchungu wasifikirie hata kufupisha siku za kuuloweka ili wapunguze mizizi inayolainika mno na kutupwa, kwa maana sumu inayobaki ni hasara ya namna nyingine.

Hesabu inaharibika mara nyingi pale uzito unapogeuzwa kuwa fedha. Ekonomu huchukua kilo za wali uliotupwa, akazizidisha kwa bei ya mchele sokoni. Kumbe kilo moja ya mchele mkavu hunywa maji jikoni na kutoa kilo mbili na nusu hivi za wali, wakati mwingine karibu tatu, kutegemea aina ya mchele na mkono wa mpishi. Kwa hiyo kila chakula kinahitaji bei yake ya kilo iliyopikwa, nayo hupatikana kwa kupima sufuria nzima iliyoiva, si kwa kukisia. Tuchukue kantini ya mfano ya walaji 120, kwa bei tulizoziweka hapa ili hesabu ifuatike kwa urahisi. Kila mmoja ataweka za soko lake. Kila siku zinapikwa kilo 24 za mchele wa franga 2 000 kwa kilo, yaani franga 48 000, pamoja na mafuta na chumvi za 3 000 na makala ya 9 000. Jumla ni 60 000, na wali ulioiva unapima kilo 60. Kilo moja ya wali basi ni franga 1 000, nusu ya ile aliyoiandika ekonomu wetu. Kwa njia hiyohiyo sombe, pamoja na mawese, karanga, makala na ujira wa mtwangaji, inafika franga 1 600 kwa kilo, na samaki wa kukaushwa kwa moshi aliyepikwa na mchuzi wake anafika 8 000. Ujira wa mtwangaji umeingia kwa sababu analipwa kwa kinu, sombe ikiongezeka naye anaongezwa. Mshahara wa mpishi wa mwezi haukuingia, kwa kuwa wali ukimwagwa au usimwagwe yeye analipwa kilekile.

Chakula kilichotupwa kabla ya kufika jikoni kinahesabiwa kwa bei yake ya kununuliwa tu, maana makala bado hayajateketea juu yake. Ndiyo sababu daftari linauliza kama kitu ni kibichi au kimepikwa. Kilo ileile ina gharama mbili, kulingana na mahali safari yake ilipokatika.

Sasa tusome juma moja la kantini hiyo, Jumatatu hadi Jumamosi. Wali uliotupwa ni kilo 60: 30 zilipikwa kupita walaji, 18 zilirudi na sahani, 12 ziliungua. Sombe ni kilo 10, ambazo 4 zilibaki sufuriani na 6 zilirudi na sahani. Samaki ni kilo 4 tu, ambazo 3 ni wakavu waliotobolewa na wadudu depo na 1 ilirudi na sahani, miiba ikiwa imetolewa. Atakayesoma kilo ataona wali ni zaidi ya robo tatu ya mzigo wote wa kilo 74, na samaki hata hawaonekani. Atawaita wapishi awakaripie kuhusu wali. Lakini kwa franga, wali ni 60 000, sombe 16 000, na samaki 53 000, kwa sababu kilo moja ya samaki mkavu tumeiweka franga 15 000, na zile tatu za depo peke yake ni 45 000. Katika jumla ya franga 129 000, samaki ambao ni kilo 4 wamekula franga 41 katika kila 100. Hakuna mpishi aliyewagusa wale wa depo. Kosa lilifanyika siku ya kununua, samaki wengi waliponunuliwa kwa mpigo na kufungwa katika gunia mahali penye unyevu. Dawa yake ni kununua wa juma moja moja, kuwarudisha juu ya moshi kabla ya kuwaweka, na kuwatundika badala ya kuwalaza sakafuni.

Tukipanga franga zilezile kwa sababu, depo inachukua 45 000, kupika kupita walaji 36 400, sahani 35 600, na kuungua 12 000. Mgawanyo huu ndio wenye kazi zaidi, kwa maana kila sababu ina mwenyewe: depo ni ya ekonomu, kupika kupita walaji ni ya anayetoa hesabu ya watu, sahani ni ya upawa na ladha, kuungua ni ya moto. Safu ya siku nayo inasema lake. Katika zile kilo 30 za wali uliobaki, 18 zilibaki Jumamosi, siku ambayo walikula watu 84 tu huku mchele umepimwa kwa 120 kama kawaida. Maharage ya siku hiyo yalipakuliwa yote kwa kumwongezea kila mtu, kwa hiyo daftari halina habari nayo, na hilo si baya. Aliyeshiba vizuri hakupoteza kitu. Kwa wali, dawa haiko mikononi mwa mpishi. Ni kuhesabu watu asubuhi kabla ya mchele kutoka depo.

Itasemwa kwamba wali uliobaki huliwa kesho yake, hivyo si hasara. Bila friji, jibu ni hapana. Mbegu za bakteria aina ya Basilasi huvumilia kuchemshwa, huota katika wali unaopoa polepole usiku, na sumu inayoleta kutapika haiondolewi kwa kuupasha moto. Wali uliolala sufuriani katika joto la Maniema ni wa kutupwa, na kantini inayoupakua ili daftari lipendeze inahamisha gharama kwenda zahanati. Wengine watasema hakuna kinachotupwa kwa sababu kuku na bata wanafaidika. Wanafaidika kweli. Ila faida hiyo iandikwe mstari wake peke yake, kwa fedha iliyopatikana au chakula cha kuku ambacho hakikununuliwa, isipunguze kilo za upotevu. Wali wa franga 1 000 ukigeuka pumba ya franga 150, bado 850 zimekwenda.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba wapishi hawataandika ukweli. Ni haki kuliogopa, hasa mahali daftari linapogeuzwa fimbo ya kukata mishahara. Hapo litakuwa safi mno, na usafi wenyewe ndio dalili. Lakini daftari linaweza kujaribiwa bila kumshuku mtu. Juma lile zilipikwa kilo 360 za wali. Tukitoa 30 zilizobaki na 12 zilizoungua, zilizopakuliwa ni 318, kwa sahani 684, yaani kama gramu 465 kwa sahani. Sasa pima upawa wenyewe. Ukichota gramu 400, kuna kilo 44 hivi zisizo na maelezo, karibu franga 44 000, nyingi kuliko zilizomwagwa kwa kupika kupita walaji. Huenda upawa unajazwa mlima, huenda kuna mlango wa nyuma, huenda mchele uliotoka depo haukuwa kilo 24. Daftari halisemi ni lipi, ila linasema pa kuanzia kuuliza.

Yapo pia ambayo hesabu hii haiwezi. Samaki wa depo wanaweza kuharibika juma moja na wasiharibike tena miezi mitatu, kwa hiyo juma moja halitoshi kununua vifaa vipya wala kumhamisha mtu. Yasomwe manne pamoja. Bei nazo hupanda barabara zinapokatika wakati wa mvua, na franga za upotevu zitapanda hata kama kilo zimepungua. Ili majuma yalinganishwe, bei za juma la kwanza zihifadhiwe na kutumika pembeni mwa bei za leo, kisha jumla igawanywe kwa sahani zilizotoka. Franga 129 000 kwa sahani 684 ni kama franga 189 kwa sahani, na hiyo ndiyo namba ya kubandika ukutani.

Tunaomba basi kila kantini iliyowakilishwa hapa ianze Jumatatu ijayo kwa mizani moja na zile sababu nne, ipime sufuria zake zilizoiva kabla ya kupanga bei, na itangaze mapema kwamba kilichoandikwa katika majuma manne ya kwanza hakitamkata mtu mshahara.