Kwa Nini Jirani Amepata Toleo Jipya Kabla Yako
Msikilizaji wa Mwaloni Kirumba, jirani kapata toleo jipya la Android, simu yako ya aina ileile bado. Hujasahaulika. Mtengenezaji hutoa toleo kwa zamu, na anaweza kuanza na asilimia 1 tu ya simu. Zikianza kujizima ovyo, anasitisha kabla hitilafu haijakufikia.

Halafu kuna njia ambayo faili la toleo hupitia. Simu 1,000 za Mwanza zikivuta faili la GB 1 kutoka ng'ambo, ni GB 1,000 kwenye nyaya za baharini, kama SEACOM iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009. Mitandao ya usambazaji huweka seva za akiba karibu na watumiaji: simu ya kwanza ikiomba, faili huvuka bahari; zinazofuata huchota palepale. Ila seva ikiwa Dar, mkongo wa kuja Mwanza bado unabeba GB zote 1,000. Kwa hiyo zamu zinabaki.